Jumla Ikikubali, Mistari Inaweza Kukataa

Basotu, wilayani Hanang, fedha huja kwa msimu. Ngano hupandwa mvua za Februari na Machi, na ikishavunwa katikati ya mwaka, akaunti ya kikundi iliyolala miezi mingi huchangamka ghafla. Michango inaingia, kombaini inalipwa, magunia yananunuliwa, mzigo unasafirishwa, na mwanachama aliyesubiri mkopo tangu Pasaka anapewa. Mwisho wa Agosti mweka hazina anarudi kutoka mjini na karatasi mbili za benki, au na daftari alilonakili kutoka kwenye karatasi hizo, na kikao kinauliza swali moja: hesabu iko sawa?

Jibu la kawaida hupatikana kwa dakika tatu. Mtu mwenye kalkuleta anachukua salio la kuanzia, anaongeza jumla ya fedha zilizoingia, anatoa jumla ya zilizotoka, na akipata salio la mwisho lililoandikwa, kikao kinapiga makofi. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na mimi mwenyewe nilipiga makofi kwa miaka mingi kabla ya kuelewa kwamba kipimo hicho kinaona nusu tu ya makosa. Kuna makosa ambayo kwa asili yake yanajifuta yenyewe kwenye jumla. Ili kuyaona hakuna njia nyingine: ni lazima kukokotoa salio upya, mstari baada ya mstari, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Kanuni yenyewe anaijua hata mtoto wa darasa la nne. Salio la mstari uliotangulia, ongeza kilichoingia kwenye mstari huu, toa kilichotoka, na unachopata lazima kiwe salio lililochapwa kwenye mstari huu. Kama sicho, chukua salio lililochapwa, toa ulilokokotoa, na tofauti hiyo iandike pembeni pamoja na alama yake ya chanya au hasi. Nitaiita pengo. Faida ya kazi hii haiishii kwenye kugundua kwamba pengo lipo. Mapengo yana sura, na sura hiyo humwonyesha msomaji mwangalifu kosa lilifanyika wapi, na mara nyingi lilifanyika vipi.

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa tarakimu za kawaida za kikundi cha wakulima ishirini hivi, ili kila hatua ionekane. Salio la kuanzia Agosti ni shilingi 1,240,000.

| Na. | Tarehe | Maelezo | Kutoka | Kuingia | Salio |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 3 Ago | Michango | | 860,000 | 2,100,000 |
| 2 | 5 Ago | Kombaini | 640,000 | | 1,460,000 |
| 3 | 5 Ago | Makato | 3,500 | | 1,456,500 |
| 4 | 11 Ago | Mauzo ya ngano | | 1,175,000 | 2,631,500 |
| 5 | 14 Ago | Magunia na usafiri | 387,000 | | 2,244,500 |
| 6 | 20 Ago | Mkopo | 500,000 | | 1,744,500 |
| 7 | 20 Ago | Makato | 3,500 | | 1,741,000 |
| 8 | 28 Ago | Marejesho | | 290,000 | 2,031,000 |

Zilizoingia ni 2,325,000, zilizotoka ni 1,534,000. Kwa 1,240,000 ya mwanzo, mwisho unapaswa kuwa 2,031,000, na ndivyo ilivyo. Ukikokotoa mstari kwa mstari, mapengo yote manane ni sifuri. Hii ndiyo taarifa safi. Sasa tuichafue kwa njia mbalimbali, moja moja, tuone kila uchafu unaacha alama gani.

Kwanza, tuseme aliyenakili aliandika mstari wa tano kama 378,000 badala ya 387,000, lakini salio akalinakili sawasawa. Kutoka 2,631,500 ukitoa 378,000 unapata 2,253,500. Lililochapwa ni 2,244,500. Pengo ni hasi 9,000, kwenye mstari wa tano peke yake. Mstari wa sita unaanzia kwenye salio lililochapwa la wa tano, ambalo ni sahihi, kwa hiyo hauna tatizo. Pengo moja, halina mwenzake: hiyo ndiyo alama ya kosa lililo kwenye kiasi. Tena tazama tarakimu yenyewe. Elfu tisa inagawanyika kwa tisa, na tofauti inayoletwa na kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani hugawanyika kwa tisa siku zote. Wahasibu wa zamani walilijua hili kabla ya kalkuleta kufika madukani. Lakini usilifanye ushahidi wa mwisho, kwa sababu kati ya namba tisa zozote zinazofuatana moja hugawanyika kwa tisa kwa bahati tu. Lichukue kama dokezo la kukupeleka kwenye karatasi halisi ya benki, uangalie kama 8 na 7 zimebadilishana nafasi.

Pili, tuseme kiasi ni sahihi lakini salio la mstari wa nne limenakiliwa 2,613,500 badala ya 2,631,500. Mstari wa nne sasa una pengo la hasi 18,000. Mstari wa tano nao, ambao hauna kosa lolote, unaonekana mkosefu: kutoka 2,613,500 ukitoa 387,000 unapata 2,226,500, na lililochapwa ni 2,244,500, kwa hiyo pengo ni chanya 18,000. Mapengo mawili, mistari miwili inayofuatana, kiasi kilekile, alama zinazopingana. Ukiona jozi ya namna hii, usipoteze muda kuchunguza fedha zilikwenda wapi. Hazikwenda popote. Kilichokosewa ni salio la mstari wa kwanza wa jozi hiyo, basi.

Lakini tuangalie kipimo cha jumla kilisema nini katika hali hizi mbili. Katika hali ya kwanza jumla ya zilizotoka inapungua kwa 9,000, na mwisho haukubali, kwa hiyo mwenye kalkuleta angegundua kuna kosa, ingawa asingejua liko mstari gani. Katika hali ya pili asingegundua chochote. Hakuna kiasi kilichobadilika, mwanzo ni uleule, mwisho ni uleule, na makofi yangepigwa.

Sababu yake ni hii. Ukijumlisha mapengo yote ya mistari, pamoja na alama zake, unapata tofauti ileile ambayo kipimo cha jumla kingekupa. Kipimo cha jumla ni mapengo yote yaliyotiwa kwenye gunia moja na kupimwa kwa pamoja. Hasi 18,000 na chanya 18,000 zikiwa ndani ya gunia moja, mzani unasoma sifuri. Jumla yenyewe hukokotolewa sawasawa, ila mambo yanayoghairiana hayaonekani ndani yake, na taarifa ya akaunti imejaa nafasi za mambo kughairiana.

Mfano mbaya zaidi wa kughairiana ni mistari miwili iliyobadilishana nafasi. Tarehe 20 Agosti kuna mkopo wa 500,000 na makato ya 3,500, siku moja, pengine sekunde moja. Tuseme kwenye nakala makato yameandikwa kwanza na mkopo baadaye, kila mmoja na salio lake. Mstari wa makato unatoka kwenye 2,244,500, unapaswa kufika 2,241,000, lakini umeandikwa 1,741,000: pengo ni hasi 500,000. Mstari wa mkopo unatoka 1,741,000, unapaswa kufika 1,241,000, umeandikwa 1,744,500: pengo ni chanya 503,500. Mstari wa marejesho unatoka 1,744,500, unapaswa kufika 2,034,500, umeandikwa 2,031,000: pengo ni hasi 3,500. Mapengo matatu mfululizo, na yote kwa pamoja ni sifuri.

Nimewahi kuona mweka hazina akitokwa jasho kwa sababu ya mapengo ya namna hii. Mtu anaona hasi laki tano na mara moja anafikiria wizi. Kumbe sura yenyewe inajieleza: la kwanza ni kiasi cha muamala mmoja, la tatu ni kiasi cha muamala mwingine, la katikati ni vyote viwili vikijumlishwa na alama ikigeuzwa. Rudisha mistari hiyo miwili kwenye mpangilio wake na mapengo yote matatu yanatoweka. Kabla ya kumwita mtu mwizi mbele ya kikao, jumlisha mapengo. Yakiwa sifuri, tafuta kwanza mpangilio.

Na mpangilio ndio unaowasumbua wengi kuliko kitu kingine chochote, hasa tangu fedha zihamie kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na taarifa za huduma za aina hii hazina desturi moja na kitabu cha benki cha zamani. Taarifa ya M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, huanza na muamala mpya kabisa juu na kushuka kuelekea wa zamani. Anayeikokotoa kutoka juu kwenda chini kwa kanuni ya kawaida atapata mapengo kila mahali, na hakuna hata moja lenye maana. Tena ada ya kutuma huandikwa mstari wake peke yake, ikiwa na namba ya risiti ileile, yaani `Receipt No.`, na muda uleule hadi sekunde. Mtu akiiweka kwenye kompyuta na kuiamuru ipange kwa muda, mistari yenye muda sawa inaweza kukaa vyovyote, na ule ugonjwa wa mapengo matatu unazaliwa mara kumi ndani ya ukurasa mmoja.

Dawa yake ni kugeuza orodha nzima chini juu bila kuipanga upya kwa muda. Mtoa huduma aliandika mistari kwa mfuatano aliouandikia salio, na mfuatano huo ni mali, usiuvunje. Kama umekwisha kuvunjika, salio lenyewe litakuambia nani alitangulia: kati ya mistari miwili ya sekunde moja, wa kwanza ni ule ambao salio lake linafikika kutoka kwenye salio la mstari uliopita. Hapo safu ya salio inafanya kazi ambayo saa imeshindwa kuifanya.

Kwa upande wetu wa Tanzania kuna jambo jingine la kukumbuka kwa anayerudia taarifa za miaka ya karibuni. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 miamala ya kutuma na kutoa fedha kwa simu ilianza kukatwa tozo ya serikali juu ya ada ya kampuni, na viwango vyake vikabadilishwa zaidi ya mara moja baada ya hapo. Kwa hiyo fedha iliyotoka kwenye akaunti ya simu katika kipindi kile inaweza kuwa na sehemu tatu: kiasi kilichotumwa, ada, na tozo. Ukiona pengo dogo linalojirudia kwenye kila mstari wa kutuma, na linakua kadiri kiasi kinavyokua, usilaumu aliyenakili. Huenda safu ya makato imeachwa nje ya hesabu yako. Pengo la makosa ya binadamu hutokea hapa na pale. Likifuata kanuni, chanzo chake ni kanuni.

Nirudi kwenye mfano wetu, kwa hali inayotisha zaidi: mstari uliofutwa. Tuseme mstari wa sita, mkopo wa 500,000, hauonekani kabisa kwenye nakala iliyoletwa kikaoni, lakini salio za mistari mingine hazijaguswa. Mstari wa makato unatoka 2,244,500, unapaswa kufika 2,241,000, umeandikwa 1,741,000. Pengo ni hasi 500,000, moja, halina mwenzake. Sura hii inafanana na ile ya kiasi kilichokosewa, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Je, ni mstari wa makato uliokosewa, au kuna mstari uliokosekana kabla yake? Mambo mawili yanasaidia. La kwanza, pengo lenyewe ni tarakimu kamili inayofanana na kiasi cha muamala halisi, wakati kosa la kunakili mara nyingi huacha tofauti isiyo na umbo la muamala wowote. La pili, makato ya 3,500 yamebaki yatima. Makato ya namna hii hayajitokezi yenyewe. Huandamana na utoaji fulani. Aliyefuta mkopo akasahau makato yake ameacha kivuli cha mtu asiyeonekana.

Kuna sura moja zaidi inayofaa kujulikana. Kama pengo ni kubwa mara mbili ya kiasi cha mstari wake, basi kiasi hicho kimeandikwa safu isiyo yake. Marejesho ya 290,000 yakiandikwa kwenye safu ya kutoka, utakokotoa 1,741,000 toa 290,000, upate 1,451,000, na lililochapwa ni 2,031,000. Pengo ni 580,000. Ligawe kwa mbili, tazama mstari wenyewe, kazi imekwisha.

Mpaka hapa nimekuwa nikianzia kila mstari kwenye salio lililochapwa la mstari uliopita. Ipo njia ya pili, nayo ni kuanzia kwenye salio ulilokokotoa wewe mwenyewe, bila kutazama lililochapwa hadi mwisho. Wengi hawatofautishi njia hizi, na ndiyo maana hupotea. Katika njia ya kwanza kosa hubaki mahali lilipozaliwa: pengo linaonekana pale, kisha linanyamaza. Katika njia ya pili kosa la kiasi huambatana nawe hadi mstari wa mwisho. Kwa ile 378,000, utakuwa juu kwa 9,000 kwenye mstari wa tano, na wa sita, na wa saba, na wa nane. Lakini kosa la salio lililonakiliwa vibaya litaonekana kwenye mstari mmoja tu, kisha utarudi kukubaliana na karatasi. Njia ya kwanza ni nzuri kwa kupata mahali. Njia ya pili ni nzuri kwa kujua kama kosa liligusa fedha au liligusa maandishi tu. Mimi hufanya zote mbili kwenye safu mbili za pembeni, na kwa mistari mia moja kwa kalkuleta ya simu kazi nzima inachukua muda wa mchana mmoja, chai ikiwemo.

Mwenye kompyuta ana nafuu kubwa. Akiweka maelezo kwenye safu A na B, kutoka kwenye C, kuingia kwenye D, salio kwenye E, na salio la kuanzia likiwa kwenye E2, basi kwenye mstari wa tatu ataandika fomula ya kwanza kwenye F3 na ya pili kwenye G3, akiwa ametangulia kuandika `=E2` kwenye G2:

```
F3:  =ROUND(E3-(E2+D3-C3),2)
G3:  =ROUND(G2+D3-C3,2)
```

Kisha anaziburuta hadi chini. Safu F inapaswa kuwa sifuri tupu, na safu G inapaswa kufanana na E. Ile `ROUND` ina sababu: kompyuta huhifadhi senti kwa namna inayoacha vipande vidogo sana, na bila fomula hiyo unaweza kuona mstari ulio sawa ukionyesha tofauti isiyo na maana. Hatari kubwa zaidi kwenye kompyuta ni tarakimu iliyoingia kama maandishi. Ukinakili kutoka kwenye faili la benki, "387,000" inaweza kuingia ikiwa na nafasi iliyojificha mbele yake, na kompyuta ikaichukulia kama neno. Fomula ya kujumlisha safu, `SUM`, huyaruka maneno bila kulalamika. Hii ni hoja nyingine dhidi ya kutegemea jumla peke yake: jumla inaweza kuacha mstari bila kukuambia, wakati fomula ya mstari kwa mstari, ikikutana na neno mahali pa namba, ama huligeuza kuwa namba na kulihesabu, ama hupiga kelele za `#VALUE!`.

Kurasa nazo zina mitego yake. Salio la mwisho wa ukurasa wa kwanza lazima liwe ndilo linaloanzia ukurasa wa pili. Ukurasa ukikosekana katikati, kila ukurasa uliobaki utakuwa safi kabisa ndani yake na pengo litaonekana kwenye mshono tu, kwa ukubwa wa kila kilichotokea kwenye ukurasa uliopotea. Kwa hiyo usikokotoe ukurasa mmoja mmoja kama kwamba kila mmoja ni taarifa inayojitegemea. Na baadhi ya benki huchapa salio mwisho wa siku tu badala ya kila muamala. Hapo huna budi kukusanya miamala ya siku nzima kama mstari mmoja. Utapoteza uwezo wa kuona kubadilishana nafasi ndani ya siku, lakini mengine mengi yanabaki.

Sasa nifike kwenye mpaka wa kazi hii, kwa sababu ni hapa watu wazuri hudanganyika. Tuseme aliyefuta mkopo wa 500,000 si mzembe. Amefuta mkopo na makato yake, kisha akakokotoa upya salio linalobaki. Mstari wa marejesho sasa unasoma 2,534,500. Pita mstari kwa mstari: kila pengo ni sifuri. Jumla inakubali. Taarifa ni safi kuliko nyingi za kweli, na ni uongo kutoka mstari wa sita hadi chini.

Kukokotoa salio kunathibitisha kwamba karatasi haijipingi. Hakuthibitishi kwamba karatasi inasema kweli. Waingereza walilipa gharama kubwa kwa kuchanganya mambo haya mawili. Shirika lao la posta lilitumia mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu na kuanza kusambazwa mwaka 1999, na mamia ya wakuu wa posta ndogo walishtakiwa na kuhukumiwa kwa upungufu wa fedha ambao mfumo uliuonyesha. Mwaka 2015, kwenye posta ya Dalmellington huko Uskoti, mhudumu alijaribu kuhamisha pauni 8,000. Skrini ikaganda, akabonyeza tena na tena, na mfumo ukaandika uhamisho mara nne: pauni 32,000, yaani 24,000 zaidi ya fedha halisi. Kuandika muamala mmoja mara nne hakuvunji kanuni ya kujumlisha. Kila mstari unaweza kutoka kwenye uliotangulia kwa usahihi, na bado mistari mitatu kati ya minne ikawa haikutokea duniani.

Kwa hiyo mnyororo wa salio unahitaji kufungwa kwenye kitu kilicho nje yake, kwenye ncha zote mbili. Ncha ya mwanzo: salio la kuanzia Agosti lazima liwe salio la kufungia Julai, kwenye karatasi nyingine iliyotolewa siku nyingine. Ncha ya mwisho: salio la kufungia Agosti lazima liwe la kuanzia Septemba, au lile linalosomeka benki leo hii mbele ya mashahidi wawili. Yule mjanja wa 2,534,500 atakamatwa tarehe mosi Septemba, taarifa mpya itakapoanza na 2,031,000. Pengo la 503,500 litatokea kwenye mshono wa miezi, na 503,500 ni 500,000 ya mkopo na 3,500 ya makato. Hakuweza kulificha pengo. Alichoweza ni kulisukuma hadi mahali ambapo alitumaini hakuna atakayetazama.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotumia sanduku la kufuli tatu vilishalitatua hili bila karatasi nyingi. Mwisho wa kikao fedha huhesabiwa mbele ya wote, salio likatangazwa, na wanachama wakatakiwa kulikumbuka. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kulitamka salio lile kabla fedha hazijahesabiwa. Ni salio la kuanzia lililofungwa kwenye vichwa vya watu ishirini, mahali ambapo hakuna mkono mmoja unaoweza kulifuta. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vimewekwa kwenye daraja la nne na kutakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, na vingi sasa vina akaunti za benki. Ninachosikitikia ni kuona kikundi kinafungua akaunti na siku hiyohiyo kinaacha kutamka salio, kana kwamba karatasi ya benki imechukua kazi ya kumbukumbu ya watu.

Ombi langu kwa mweka hazina wa Basotu, na kwa kila anayeshika karatasi za wenzake, ni hili. Omba benki ikupe taarifa inayoanza mwezi mmoja kabla ya kipindi unachokagua na kuishia siku unayoichukua. Ilete kikaoni kamili, kurasa zote, na safu ya mapengo ikiwa imejazwa kwa kalamu pembeni, hata kama ni sifuri kutoka juu hadi chini. Kisha litamke salio la mwisho kwa sauti, na mwezi ujao anza na hilo.